Somo: Tofauti ya urari na akaunti ya saspensi, hadi salio lisomeke sifuri

Wiki hii wanachama watatu wameuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: urari wa majaribio umekataa kulingana, bosi anataka rasimu ya hesabu kesho, nifanyeje? Jibu fupi ni kwamba unafungua akaunti ya saspensi, ambayo wengine huiita akaunti ya muda. Kuifungua ni kazi ya dakika moja. Kuifunga ndiko kunakotoa jasho, na nitakaa zaidi huko.

Saspensi ni akaunti ya kawaida kwenye leja, ila haina mwenyewe. Ndani yake unaegesha kiasi ambacho bado hujui ni cha nani, ili kazi nyingine iendelee. Tofauti ya urari ni mgeni mmoja wa akaunti hii. Mwingine ni fedha iliyoingia benki bila maelezo, tutamkuta kwenye maswali.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho. Mfanyabiashara wetu anaandika vitabu kwa mkono. Mwisho wa mwaka urari wake umesoma hivi:

Jumla ya debiti: 618,260
Jumla ya krediti: 620,800
Tofauti: 2,540

Hatua ya kwanza: usiifungue bado

Kabla ya kuandika saspensi popote, jumlisha urari upya, mara hii kuanzia chini kwenda juu. Macho yaliyokosea yakishuka mara nyingi hukosea tena pale pale yakishuka mara ya pili. Kisha hakikisha kila salio la leja limeingia kwenye urari, na limeingia upande wake. Salio la fedha taslimu na la benki ndiyo husahaulika sana, kwa kuwa hukaa kwenye daftari la fedha, nje ya leja yenyewe. Kwa mfanyabiashara wetu vyote viko sawa, na tofauti imebaki 2,540.

Hatua ya pili: egesha upande uliopungua

Debiti ndiyo pungufu, kwa hiyo saspensi inadebitiwa 2,540. Urari sasa unasoma 620,800 pande zote mbili na rasimu ya faida inaweza kuandaliwa. Tuseme rasimu imetoa faida ya 84,000. Kwenye karatasi hiyo andika wazi kuwa ni rasimu, na saspensi ionekane kwa jina lake. Nimewahi kumwona mtu akiificha ndani ya "gharama nyinginezo" ili karatasi ipendeze. Miezi sita baadaye hakuna aliyekumbuka kuwa kuna kitu kilikuwa kinatafutwa.

Hatua ya tatu: isome tofauti yenyewe

Kuna vipimo viwili vya zamani. Gawanya tofauti kwa 2: ukiona mahali kiasi hicho hicho, huenda kimeandikwa upande usio wake, maana kosa hilo huzaa tofauti mara mbili ya kiasi. Gawanya kwa 9: ikigawanyika bila baki, huenda tarakimu zimepishana, kama 63 kuandikwa 36. Tena kama tofauti ni namba kavu kama 10, 100 au 1,000, shuku kujumlisha.

Tujaribu. Nusu ya 2,540 ni 1,270, na hakuna kiasi hicho popote vitabuni. Kwa 9 haigawanyiki. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema vipimo ni hadithi za darasani. Vipimo si hadithi, ila hutambua kosa likiwa peke yake. Makosa yakiwa mawili au matatu, tofauti unayoiona ni mchanganyiko wao, na mchanganyiko haufanani na yeyote kati yao. Dawa ni kuyatoa moja moja na kupima upya kila kinachobaki.

Hatua ya nne: rudi kwenye vitabu vya mwanzo

Jumlisha upya madaftari ya mauzo na manunuzi, ukurasa kwa ukurasa. Kwenye daftari la mauzo ukurasa mmoja unatoa 47,380, lakini chini yake pameandikwa 48,380, na jumla hiyo ndiyo iliyohamishiwa akaunti ya mauzo. Akaunti za wadaiwa ziko sahihi kwa sababu zilihamishwa ankara moja moja. Kwa hiyo mauzo peke yake ndiyo yamezidi kwa 1,000:

Debiti Mauzo 1,000
Krediti Saspensi 1,000

Saspensi imebaki na 1,540. Pima tena: nusu ni 770, haipo. Kwa 9 haigawanyiki. Bado kuna zaidi ya kosa moja.

Sasa chukua kalamu ya rangi, weka alama kwenye kila jumla iliyotoka daftari la fedha na mahali ilipofikia kwenye leja. Safu ya punguzo upande wa debiti ina jumla ya 320 kwa mwezi wa mwisho. Fungua akaunti ya punguzo lililotolewa: miezi 11 ina ingizo, wa 12 hauna kitu. Pengo kama hilo ni la kushukuru. Ukienda kwa jirani yake, punguzo lililopokewa, unaikuta ile 320 imekaa upande wa krediti, katika akaunti isiyo yake. Kila upande umeharibika kwa 320, hivyo masahihisho yana debiti mbili:

Debiti Punguzo lililotolewa 320
Debiti Punguzo lililopokewa 320
Krediti Saspensi 640

Angalia kuwa nusu ya 640 ni 320. Kosa hili lingekuwa peke yake, kipimo cha kwanza kingelikamata siku ile ile.

Saspensi imebaki na 900. Hii inagawanyika kwa 9, na inatoa 100. Hiyo 100 ina habari zaidi: tarakimu zilizopishana ziko nafasi ya maelfu na ya mamia, na zimepitana kwa 1. Kwa hiyo hutafuti kila kitu, unatafuta namba kama 2,100 iliyoandikwa 1,200, au 5,400 iliyoandikwa 4,500. Akaunti ya umeme ina 4,500. Daftari la fedha linasema 5,400, na risiti pia.

Debiti Umeme 900
Krediti Saspensi 900

Krediti za saspensi ni 1,000 na 640 na 900, jumla 2,540. Salio ni sifuri.

Hatua ya tano: rekebisha faida

Mauzo yamepungua 1,000, punguzo lililotolewa limeongeza gharama kwa 320, punguzo lililopokewa limepunguza pato kwa 320, umeme umeongeza gharama kwa 900. Faida inashuka kutoka 84,000 hadi 81,460. Kila ingizo la kusahihisha lipite kwanza kwenye jarida, na chini yake mstari mmoja wa maelezo: kosa lilikuwa nini na liko ukurasa gani. Usifute namba ya zamani kwenye leja.

Maswali ya wanachama

Mwanaleja: Mwalimu, shikamoo. Faida imeshuka 2,540, sawasawa na saspensi. Je, ni kanuni?

Marahaba. Hapana, imetokea tu kwa kuwa makosa yote matatu yaligusa akaunti za mapato na gharama. Kama ile 900 ingekuwa malipo kwa mdai yaliyoandikwa pungufu kwenye akaunti yake, saspensi ingefungwa vile vile lakini faida isingeguswa kwa hiyo 900. Kila kosa liulize swali lake: akaunti inayosahihishwa inakwenda kwenye faida na hasara, au kwenye mizania?

Mtahiniwa: Mtihani ulisema ankara ya mauzo ilisahaulika kabisa. Nikadebiti mdaiwa, nikakrediti saspensi. Nimepata sifuri na sielewi kwa nini.

Ankara haikuandikwa popote, kwa hiyo pande zote mbili zilikosa kiasi kile kile na urari haukuyumba. Saspensi haihusiki. Jibu ni kudebiti mdaiwa na kukrediti mauzo. Ni hivyo hivyo meza ya ofisi ikiandikwa kwenye manunuzi: debiti samani, krediti manunuzi, basi. Kabla ya kuitaja saspensi jiulize kama kosa lilifanya debiti na krediti zipishane. Kama hazikupishana, iache ilale. Hii pia ina maana kwamba saspensi ikifika sifuri haithibitishi kuwa vitabu ni safi.

Dada Karani: Kuna fedha imeingia benki, 6,750, haina jina. Mkuu wangu anasema niiweke mauzo tu.

Usiiweke mauzo, dada. Huenda ni mdaiwa anayelipa deni ambalo mauzo yake uliyaandika zamani, na utayahesabu mara mbili huku yeye akiendelea kudaiwa. Debiti benki, krediti saspensi 6,750. Kisha pitia ankara zilizo wazi utafute kiasi hicho, au ankara mbili zinazojumlika kufikia hapo, na uombe benki maelezo ya mtumaji. Ukimpata, debiti saspensi, krediti akaunti yake. Akaunti hii iwe tofauti na ile ya tofauti ya urari, na kila kiasi kiwe na tarehe yake. Ukizichanganya, salio halitakuambia lolote.

Kaka Programu: Sisi tunatumia kompyuta, haikubali ingizo lisilolingana. Somo hili linatuhusu?

Linakuhusu kwa mlango mwingine. Tofauti kwenu huzaliwa siku ya kuhamia, mnapoingiza masalio ya kuanzia yaliyokuwa hayalingani. Programu hailalamiki, inajaza pengo yenyewe. Kwenye QuickBooks utalikuta kwenye akaunti iitwayo `Opening Balance Equity`. Baada ya kuhama, akaunti hiyo inatakiwa kusafishwa ibaki sifuri. Fungua yenu leo uitazame.

Mwanaleja: Na ikibaki 40 tu baada ya kutafuta kote? Niifute?

Nikukumbushe kwanza kuwa 40 inaweza kuwa kosa la 9,000 upande mmoja na la 8,960 upande wa pili. Ukubwa wa salio si ukubwa wa makosa. Kama umeweka alama kila kitu na 40 imebaki, mwenye mamlaka ya hesabu ndiye anayeidhinisha ipelekwe gharama au mapato, kwa maandishi, na karatasi za utafutaji zibaki kwenye faili. Karani hafuti mwenyewe.

Mtahiniwa: Kama bado haijafungwa siku ya mizania, inakaa wapi?

Salio la debiti linaonyeshwa upande wa mali, la krediti upande wa madeni, na jina lake kamili. Kwenye hesabu za mwisho zinazotoka nje isiwepo. Mkaguzi akiikuta, ndiyo akaunti ya kwanza atakayoomba mchanganuo wake.