Somo: Mshororo wa kwanza unavyomfunga mtunzi

Somo hili ni la shairi la arudhi: mishororo minne katika ubeti, mizani kumi na sita kila mshororo, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Mshororo wa kwanza tunauita mwanzo. Msikilizaji akishausikia, masikio yake yanashika mizani na vina, na moyo wake unajua wa kumsubiri.

Hatua ya kwanza: tafuta nani anasema na nani. Tazama mwanzo huu:

Leo ninataka sana, kuwasemea wavuvi

Mizani imetimia, lakini hakuna linalosubiriwa, kwa kuwa mtunzi ametangaza mada tu. Sasa mpe mke wa mvuvi sauti, asimame ufukweni:

Mvuvi umerudije, tanga limeshararuka?

Hapa kuna msemaji, msemeshwa, na swali linalodai jibu.

Hatua ya pili: pima vina kabla hujaupenda mshororo wako. Vina vya mwanzo ndivyo vitakavyotawala mloto na mleo, yaani mshororo wa pili na wa tatu. Ule wa kwanza uliishia "vi". Utapata chumvi, ugomvi, ulevi, na punde shairi la wavuvi litakuwa la walevi kwa kukosa kina. "Ka" ina vitenzi tele, na "je" inaendeleza sauti ya kuuliza.

Hatua ya tatu: lipa ulichoahidi. Umeuliza kwa uchungu, basi mloto usianze kusifu mawimbi.

Mvuvi umerudije, tanga limeshararuka?
Wanao niwambieje, na usiku umefika?
Jirani nimjibuje, adaiye kila mwaka?
Bahari haina mwenye, nani wa kumshitaki?

Tanga limezaa njaa, njaa imezaa deni. Kimalizio kimeacha vina vya juu, na inaruhusiwa, kwani ndicho kibwagizo kitakachorudi kila ubeti. Ila angalia: mleo ukihama vina, msikilizaji atadhani umekosea, hata kama ulikusudia.

MASWALI

Mwalimu, vina hivyo nivishike hadi beti ya mwisho?
Ukitaka mtiririko, ndiyo. Kwa "je" sikushauri, utaishiwa kufikia ubeti wa tatu. Badilisha vina kila ubeti, iwe ukaraguni, ubakize kibwagizo.

Shikamoo mwalimu. Mbona tenzi nyingi za kale huanza kwa Bismillahi, bila swali wala kisa?
Marahaba. Utenzi ni mrefu, na dua humwambia msikilizaji atulie kwa jambo zito. Lakini si zote. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa 1858, anaanza kwa kumwita binti yake asogee asikie wasia. Tangu hapo kila ubeti tunausikia kama maneno ya mama mgonjwa kwa mwanawe.

Je, lazima mwanzo utungwe kwanza?
Hapana. Mimi huanza na kibwagizo, kisha natafuta mwanzo utakaokifikia. Hata huo wa mke wa mvuvi ulitokana na "Bahari haina mwenye".