Kuhamia Kampuni Nyingine ya Bima ya Afya Bila Kupoteza Muda wa Kusubiri Uliokwisha Kuutumikia

Anayehama kampuni ya bima ya afya huhesabiwa kuwa mwanachama mpya, na muda wa kusubiri wa uzazi au wa magonjwa ya muda mrefu, yaani kipindi cha mwanzo ambacho fao hilo bado halilipwi, huanza upya, isipokuwa kampuni mpya ikubali kwa maandishi kuutambua muda aliokwisha kuutumikia. Ahadi ya mdomo ya wakala haitoshi.

Anza miezi miwili kabla bima ya sasa haijaisha, hasa kwa aliye Masasi au Nachingwea, ambaye barua zake huenda zikalazimika kusubiri saini ya makao makuu Dar es Salaam. Iombe kampuni ya zamani barua ya uthibitisho wa uanachama inayotaja tarehe ya kujiunga ya kila mwanafamilia, tarehe ya mwisho wa bima, mafao na viwango vyake, pamoja na madai yaliyolipwa.

Tarehe ya kila mmoja ndiyo yenye uzito. Tuchukue mfano wa mume wa Mtwara Mjini aliyejiunga tarehe 1 Septemba 2024, akamwongeza mkewe tarehe 1 Machi 2025, na bima yao ikaisha tarehe 31 Agosti 2025. Mume ametimiza miezi 12, lakini mke ametimiza 6 tu. Ikiwa kampuni mpya inadai miezi 10 kwa uzazi na imeitambua ile 6, mke atabakiwa na miezi 4, na fao lake litaanza tarehe 1 Januari 2026. Barua iliyotaja tarehe ya mume peke yake ingewafanya waamini kwamba hata akijifungua Oktoba hospitali ya Ligula atalipiwa.

Ambatisha barua hiyo na nakala ya mkataba wa zamani pamoja na jedwali lake, stakabadhi za michango, vitambulisho vya NIDA, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hakikisha majina yanafanana kote. Katika fomu ya maombi taja shinikizo la damu au kisukari ulichonacho, kwa kuwa ugonjwa uliofichwa unaweza kuwa sababu ya kukataliwa dai au kufutiwa mkataba.

Usiache bima ya zamani ikatike kabla ya kupokea nyongeza ya mkataba inayoonyesha miezi iliyotambuliwa kwa kila jina, kwani hata pengo la siku chache linaweza kuipa kampuni mpya sababu ya kuukataa muda wote. Soma pia kiwango: kama fao la zamani la uzazi lilikuwa shilingi 1,500,000 na jipya ni 2,500,000, uliza iwapo ile milioni moja ya ziada ina muda wake wa kusubiri, na jibu liandikwe humo humo.

Kampuni ikikana ilichoandika, wasilisha kwanza malalamiko ya maandishi kwake na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika, yapeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.