SOMO: Ugonjwa au uzazi ukikukuta chuoni, ahirisha, usijiondoe

Kila muhula wako wanaoandika barua ya kujiondoa chuoni kwa sababu ya mimba au maradhi, na wako wanaoondoka kimya kimya wakitumai kurudi. Njia zote mbili ni hasara. Anayejiondoa huachilia nafasi aliyopewa na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo hapa Kenya, na kurudi kwake ni kuomba upya kama mgeni. Anayepotea bila barua huandikiwa kwamba hakufika mtihanini, na hilo likijirudia hufutwa kwenye orodha. Kuahirisha, wanachokiita wanafunzi kudifa, hukuacha mwanafunzi na namba yako ya usajili ileile.

Lakini kuna kuahirisha kwa namna mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna kuahirisha muhula mzima, na kuna kuahirisha mtihani peke yake, ambao baadaye utaufanya kama mtihani maalum. Ukiahirisha muhula, kazi uliyoifanya ndani yake kwa kawaida huhesabiwa haikufanyika. Ukiahirisha mtihani, alama za majaribio hubaki, nazo aghalabu ni 30 katika 100.

Tofauti yake kwa wakati ni kubwa. Masomo mengi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, kwa hivyo ukiahirisha muhula wa Septemba, masomo hayo utayapata Septemba ijayo. Muhula mmoja hugeuka mwaka. Basi usiandike barua kabla ya kupiga hesabu.

Hatua ya kwanza: hesabu za wiki

Tuchukue dada wa mwaka wa pili, muhula wake una wiki 12 za kufundishwa na wiki mbili za mtihani. Vyuo vingi vyataka uwe umehudhuria thuluthi mbili ya vipindi ndipo uruhusiwe mtihani. Kwake yeye ni wiki 8.

Kliniki imemwandikia tarehe ya kujifungua iangukie wiki ya 9. Akiitazama tarehe hiyo peke yake ataona wiki 8 zatimia. Lakini tarehe ya kliniki ni makadirio. Mtoto aliyetimia huweza kuzaliwa tangu wiki ya 37 ya mimba, yaani wiki tatu kabla. Akijifungua wiki ya 6 ya muhula, atakuwa amehudhuria wiki 5, na mtihani atakatazwa. Huyu aahirishe muhula, tena mapema.

Lau tarehe yake ingeangukia wiki ya 12, hesabu ingebadilika. Hata akitangulia kwa wiki tatu, ana wiki 8 mkononi. Huyu awaombe walimu wake wampe majaribio yote kabla ya wiki ya 8 kwisha, ahudhurie bila kukosa, kisha aombe kuahirisha mtihani tu. Mwaka wake utakuwa umeokoka. Asijitie moyo kwamba ataufanya mtihani akiwa ndani ya arubaini: mshono wa upasuaji na kukaa saa mbili au tatu kwenye dawati haviendi pamoja.

Kwa mgonjwa hesabu ni ileile, ila badala ya tarehe ya kujifungua, muulize daktari akuandikie muda wa mapumziko kwa tarehe.

Hatua ya pili: karatasi ya hospitali

Maombi mengi hurudishwa kwa sababu ya karatasi hii. Kuandikwa "alitibiwa hapa" hakutoshi. Yatakiwa iseme kwamba hufai kuhudhuria masomo kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, iwe na jina la daktari, namba yake ya usajili, sahihi na muhuri wa hospitali. Ikitoka hospitali ya umma, kama Hospitali Kuu ya Pwani, hupita kwa urahisi. Ikitoka zahanati ya mtaani, ipeleke kwanza kituo cha afya cha chuo waiidhinishe. Jina la ugonjwa si lazima lienee kila ofisi; ukiwa na sababu ya kulificha, mwombe daktari aandike muda bila maelezo.

Mjamzito atoe nakala ya ukurasa wa kijitabu cha kliniki wenye tarehe ya kujifungua.

Hatua ya tatu: barua na fomu

Barua huelekezwa kwa msajili wa masuala ya taaluma, kupitia mwenyekiti wa idara na mkuu wa kitivo. Taja namba ya usajili, kozi, mwaka, muhula unaoahirishwa na muhula utakaorudi. Hilo la mwisho wengi husahau, na barua isiyo na tarehe ya kurudi husomeka kama ya kujiondoa. Tumia neno la kuahirisha kama lilivyo kwenye kanuni za chuo chako. Usiandike "naomba kuacha masomo kwa muda".

Toa nakala mbili na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye moja. Usiondoke na ahadi ya mdomo.

Hatua ya nne: karo na HELB

Jibu la msajili likitoka, lipeleke ofisi ya fedha siku hiyo hiyo uombe karo uliyolipa ihamishiwe muhula utakaorudi, nao wakuandikie. Ukichelewa hadi mtihani umekaribia, karo huhesabiwa imetumika. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, nao wajulishwe kwa nakala ya barua hiyo, ili fedha za muhula usiosoma zisikulimbikizie hesabu isiyoeleweka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kisauni: Assalam aleikum. Mimi nililazwa ghafla, mtihani ukapita nikiwa wodini. Nimechelewa?

*Jibu:* Waaleikum salaam, pole sana ndugu yangu. Andika leo, usingoje kupona sawasawa. Ambatanisha karatasi ya kulazwa na ya kuruhusiwa, zote mbili, kwa sababu tarehe zake ndizo zitakazolinganishwa na ratiba ya mtihani. Omba mtihani maalum kwa kila somo ulilokosa, ukilitaja kwa msimbo wake. Wakikuambia "utafanya sapu", yaani mtihani wa marudio wa walioanguka, kataa kwa adabu. Vyuo vingi alama ya sapu haipiti 40 hata ukijibu vyema kiasi gani, ilhali mtihani maalum huhesabiwa kamili.

Mwanachama wa Likoni: Bintiangu yuko kitandani. Naweza kumpelekea barua mimi mamake?

*Jibu:* Waweza, mama. Sahihi iwe yake. Chukua kitambulisho chako, nakala ya chake, na kijibarua cha mistari miwili kwamba amekutuma.

Mwanachama wa Changamwe: Barua yangu iko kwa mwenyekiti wiki ya tatu sasa, kimya. Nifanyeje?

*Jibu la mwanachama mwingine:* Peleka nakala yenye muhuri moja kwa moja kwa karani wa kitivo, umweleze imekwama wapi. Hiyo tarehe ya muhuri ndiyo kinga yako, itaonyesha uliomba kabla ya mtihani.

Mwanachama wa Bamburi: Mimba yangu iliharibika baada ya barua kukubaliwa. Ruhusa yafutwa?

*Jibu:* Pole sana dada, Mungu akupe subira. Haifutwi yenyewe. Ukitaka kupumzika, mwombe daktari karatasi mpya ya mapumziko uiweke kwenye faili lako. Ukitaka kurudi mapema, angalia kwanza kama wiki zilizobaki zatimiza thuluthi mbili. Hazitimii, usirudi muhula huo.

Mwanachama wa Mvita: Na siku ya kurudi, nainuka tu naenda darasani?

*Jibu:* La. Wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa peleka barua ya kurudi, pamoja na karatasi ya daktari kwamba wafaa kusoma. Kisha jisajili masomo na uhakikishe jina lako limo kwenye orodha ya kila mwalimu. Ukiona bado hujawa tayari, omba nyongeza kabla muda uliopewa haujaisha.