Kibodi moja kwa simu, kishikwambi na kompyuta: jinsi ya kuoanisha na kuhama bila usumbufu

Mwongozo huu nimeuandika kwa kibodi ya Logitech K380, kwa kuwa ndiyo ninayoitumia kila siku nikiwa na simu ya Android, iPad na kompyuta ya Windows 11. Kibodi nyingine zenye vitufe vya kuchagua kifaa hufuata utaratibu unaokaribiana na huu, ingawa mahali pa vitufe hivyo huweza kutofautiana.

Kabla ya kugusa chochote, ni vyema kuelewa kwamba kibodi hii ina nafasi 3 za kumbukumbu, yaani F1, F2 na F3, na kwamba kila nafasi hukumbuka kifaa kimoja tu. Kitufe cha nafasi kikibonyezwa mara moja na kuachiwa, kibodi huhamia kwenye kifaa kilichohifadhiwa hapo; kikishikiliwa kwa sekunde 3, kibodi huanza kutafuta kifaa kipya cha kuchukua nafasi hiyo. Matatizo mengi niliyoombwa kuyatatua yalitokana na mtu kushikilia kitufe pale alipotakiwa kukibonyeza tu.

Anza na kompyuta. Washa kibodi kwa swichi iliyo ubavuni upande wa kushoto, kisha shikilia F1 mpaka taa yake imwekemweke kwa kasi. Kwenye kompyuta fungua Settings, ingia Bluetooth & devices, chagua Add device, kisha Bluetooth, na usubiri jina la kibodi litokee. Ukilichagua, huenda kompyuta ikakuonyesha namba. Iandike kwa kutumia kibodi ileile mpya, si ile ya zamani, kisha bonyeza Enter. Watu wengi hukwama hapa kwa sababu huitazama namba hiyo wakingoja kisanduku cha kuijaza, na hakuna kisanduku kinachokuja. Taa ikiacha kumwekamweka na kubaki imewaka kwa sekunde chache, uoanishaji umekamilika.

Kwa simu, shikilia F2, kisha fungua mipangilio, ingia Vifaa vilivyounganishwa na uchague Oanisha kifaa kipya. Kwa iPad, shikilia F3, fungua Settings, ingia Bluetooth na uguse jina la kibodi. Vitufe vya fn na I vikishikiliwa pamoja kwa sekunde 3 huipanga kibodi kwa ajili ya iPad, na fn na P huipanga kwa Android na Windows. Mpangilio huu hufanywa ukiwa kwenye nafasi ya kifaa husika, nao ndio wa kuangalia kwanza iwapo vitufe vya njia za mkato havifanyi kazi unayoitarajia.

Sasa chukua mfano wa kazi yangu ya kawaida. Ninaandika ripoti kwenye kompyuta, na ujumbe unaingia kwenye simu. Ninabonyeza F2 mara moja, ninangoja kidogo mpaka taa itulie, ninajibu, kisha ninabonyeza F1 na kurudi kwenye ripoti. Kungoja huko ni muhimu, kwa maana ukianza kuandika kabla kiungo hakijasimama, herufi za mwanzo hupotea. Kama kompyuta imelala, muda huo huongezeka.

Taa ndiyo itakayokuambia tatizo liko wapi. Ikimwekamweka polepole, kibodi inamtafuta mwenzake wa zamani bila kumpata: kifaa kimezimwa, kiko mbali, au Bluetooth yake imefungwa. Ikimwekamweka kwa kasi, nafasi hiyo imefunguliwa kwa kifaa kipya.

Kuna hali moja inayochanganya zaidi. Niliwahi kushikilia F1 kwa bahati mbaya na kuioanisha kibodi na kompyuta ya mwenzangu. Niliporudi, kompyuta yangu bado ilikuwa na jina la kibodi katika orodha yake, lakini haikuunganika hata nilipojaribu mara nyingi, kwa sababu kompyuta ilikuwa ingali na ufunguo wa zamani, yaani msimbo wa siri wa uoanishaji, wakati kibodi ilikwisha kuufuta. Dawa yake ni kuliondoa jina hilo kwanza, kwa Remove device kwenye Windows au Forget This Device kwenye iPad, na ndipo uanze kuoanisha upya.

Usiitupe kibodi ya waya. Kompyuta nyingi hazitambui kibodi ya Bluetooth kabla mfumo wa Windows haujaamka, kwa hiyo utaihitaji ile ya waya siku utakapotaka kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, au kuandika nenosiri la BitLocker, yaani kinga inayofunga diski, linaloombwa wakati wa kuwasha.