SOMO: Kuandika taarifa ya mvua kubwa ya siku tatu kwa wasikilizaji wa vijijini

Haya wadau, mliomba nieleze script ya hali ya hewa tunavyoiandaa kwa redio jamii. Nachukua mfano wa Kilosa maana pale mvua ina kesi yake, mto Mkondoa unajaa kwa mvua iliyonyesha milimani huko juu wakati mjini jua linawaka, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 watu hawajayasahau.

Tuseme TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wametoa angalizo: mvua kubwa, maeneo machache ya mkoa wa Morogoro, Jumanne mpaka Alhamisi, uwezekano wastani, athari wastani. Ukiisoma hivyo hivyo hewani umesoma tu, hakuna aliyeelewa.

Hatua ya 1. Soma angalizo lote kabla hujashika kalamu. Kwanza ngazi, maana angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni vitu vitatu tofauti, usipandishe mwenyewe ili habari inoge. Halafu hapo kwenye "maeneo machache" ndo watangazaji wengi wanateleza. Haimaanishi mvua kidogo, ina maana itanyesha sehemu chache za mkoa lakini inaponyesha inanyesha kweli. Usiposema hivyo, kijiji kilichokosa mvua Jumanne kitasema redio waongo na Jumatano hawakusikilizi.

Hatua ya 2. Geuza namba. TMA wanaita mvua kubwa ikizidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja kwenye mita moja ya mraba, kwahiyo milimita 50 ni ndoo mbili na nusu za lita ishirini zimemwagwa kwenye kieneo cha hatua moja kwa hatua moja, sasa fikiria shamba zima. Mama aliyeko jikoni anaiona hiyo picha palepale.

Hatua ya 3. Panga kwa siku na kwa kazi za watu. Na usiku utaje kwa pande mbili, "Jumanne usiku kuamkia Jumatano", kwasababu ukisema "usiku wa Jumatano" kuna wazee wanaelewa ni ule unaotangulia.

Hatua ya 4. Andika kama unavyoongea. Yangu ilikuwa hivi:

"Ndugu msikilizaji, Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo la mvua kubwa kuanzia kesho Jumanne mpaka Alhamisi. Sio kila kijiji kitapata, ila itakaponyesha inaweza kuwa nyingi, zaidi ya ndoo mbili na nusu kila hatua moja kwa hatua moja ya shamba. Kama una mahindi uwanjani, yaingize leo kabla ya giza. Jumatano na Alhamisi ardhi itakuwa imeshashiba, maji yatakimbilia mtoni haraka. Wewe uliye kando ya Mkondoa, usiangalie mawingu ya kwako tu, mvua ya milimani inakufikia hata kama kwako kukavu. Ukiona maji yamebadilika rangi, yanaleta magogo, au kina kinapanda ghafla, panda juu na watoto, usisubiri. Usivuke maji yanayokimbia, yakifika magotini yanamwangusha hata mtu mzima. Narudia: mvua kubwa, Jumanne mpaka Alhamisi. Tutakuletea taarifa mpya saa moja usiku."

Hatua ya 5. Isome kwa sauti huku simu inahesabu muda. Ikizidi dakika moja na nusu kata, ila usikate marudio ya mwisho, kuna mtu ndo kwanza kawasha redio. Na kila jioni iandike upya kwa utabiri mpya, siku ya tatu ndo hubadilika zaidi.

MASWALI

Mdau wa Ifakara: Kaka, huo "uwezekano wastani" nausemaje? Wazee wananiuliza itanyesha au hainyeshi.

Jibu: Waambie "inaweza kunyesha, inaweza isinyeshe, ila dalili zinatosha kujiandaa". Asilimia zako usitunge. Na usiseme "itanyesha" wakati TMA hawajasema.

Dada wa Turiani: Msikilizaji kapiga simu studio, anasema app ya simu yake inaonyesha jua wiki nzima. Nilikosa la kujibu.

Jibu: App nyingi zinatoa makadirio ya kompyuta ya eneo pana, milima kama Rubeho na Ukaguru zinaweza zisiione vizuri. Halafu kwa sheria ya 2019 wenye mamlaka ya kutoa tahadhari ni TMA, redio inabaki na taarifa yao.

Mdau wa Mikumi: Na angalizo likifutwa Jumatano asubuhi?

Jibu: Tangaza muda huohuo, taja na saa lilipofutwa. Ila wa kando ya mto waambie waendelee kuuangalia, maji ya usiku yanaweza kuwa bado yako njiani.