Kabla ya dripu ya kwanza ya pamidroneti kwa mtoto wa mifupa ya kioo

Kwanza kabisa, jueni mtoto ni wa aina gani. Osteojenesisi imperfekta, yaani mifupa ya kioo, iligawanywa mwaka 1979 katika aina nne, na nyingine zimeongezwa baadaye. Aina ya kwanza ni nyepesi: weupe wa macho una rangi ya samawati, mtoto anavunjika mara kwa mara lakini kimo chake hakiathiriki sana. Aina ya pili huua tumboni au siku chache baada ya kuzaliwa. Ya tatu hupinda mifupa na kudumaza, na ya nne iko katikati, mara nyingi macho yakiwa meupe ya kawaida. Dripu hailengi jina la aina, inalenga hali: mifupa mirefu inayovunjika mara mbili au zaidi kwa mwaka, au pingili za mgongo zilizobonyea kwenye eksirei. Mtoto wa aina ya kwanza aliyevunjika mara moja katika miaka mitatu hana haraka nayo.

Na mwelewe inachofanya. Pamidroneti, kama dawa zote za kundi la bisfosfoneti, haitengenezi kolajeni mbovu ya mtoto, yaani protini inayoushikilia mfupa. Inazuia seli zinazobomoa mfupa, ili unaojengwa ubaki. Maumivu ya mgongo hupungua, pingili hurudisha umbo, mfupa unakuwa mzito zaidi. Kuvunjika hakukomi. Mzazi aliyeambiwa "hatavunjika tena" amedanganywa, na siku mtoto atakapovunjika ataacha dawa.

Mpelekeni kwa daktari wa meno mapema. Jino bovu ling'olewe na kidonda kipone ndipo dawa ianze.

Pimeni figo. Mtoto wa mifupa ya kioo ana misuli michache, hivyo kreatinini yake, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kujua kazi ya figo, huwa chini kwa asili, na namba inayoitwa ya kawaida kwenye karatasi ya maabara inaweza kuficha figo zenye shida. Mwambieni daktari aisome akimwangalia mtoto mwenyewe.

Sasa kalsiamu na vitamini D, na hapa msipite mbio, maana ndipo watoto wanapoumia. Mtu atasema: Dar jua linachoma mwaka mzima, vitamini D itapunguaje? Mtoto huyu halioni hilo jua. Akishavunjika mara tatu, nyumba nzima inamlinda: hatoki uani, hachezi na wenzake, akitoka amefunikwa khanga ndani ya bajaji. Anakaa sebuleni miezi na miezi. Vitamini D yake inashuka bila mtu kujua, na mwili unaziba pengo kwa kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa.

Kisha inakuja dripu, kazi yake ni kufunga mlango huohuo wa kuchota. Mifupa inaacha kutoa kalsiamu kwenda kwenye damu, na utumbo usio na vitamini D hauwezi kufyonza ya kutosha kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ya damu inaporomoka siku chache baada ya dawa, wakati familia imesharudi Mbagala na kila mtu anasema matibabu yameenda vizuri. Mtoto mkubwa atalalamika ganzi kuzunguka midomo na vidole kuchomachoma. Mdogo hawezi kusema, kwa hiyo tazameni mikono: kifundo kinakunja, vidole vinanyooka na kubanana, dole gumba linaingia kiganjani. Hatua inayofuata ni degedege, na degedege kwa mtoto huyu inaweza kuvunja mfupa. Mkiona mkono huo, rudini hospitali saa hiyohiyo. Anahitaji kalsiamu ya mshipa kwa uangalizi, maziwa hayatatosha.

Kwa hiyo kipimo cha kalsiamu na vitamini D kifanyike wiki kadhaa kabla, kisiachwe hadi asubuhi ya dripu. Vitamini D ikiwa chini ya nanomoli 50 kwa lita, dawa isubiri. Upungufu mkubwa hutibiwa kama matege: kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi 12, walau yuniti 3,000 kila siku kwa miezi mitatu, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kwa siku, chakula kikihesabiwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao husaidia. Baada ya hapo kalsiamu na vitamini D ziendelee kwa kiwango cha kila siku muda wote wa matibabu, hata siku za dripu.

Hesabu ya dawa ifanyeni kwa kalamu. Tuseme mtoto ana miaka minne na kilo 11. Utaratibu uliozoeleka kwa waliozidi miaka mitatu ni miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku, siku tatu mfululizo, kila baada ya miezi minne. Siku ya kwanza ya mzunguko wa kwanza ni nusu. Kwa hiyo siku ya kwanza miligramu 5.5, ya pili na ya tatu 11. Walio chini ya umri huo wana kiwango kingine na vipindi vifupi zaidi. Dawa isizidi miligramu 0.1 kwa mililita, hivyo 5.5 iingie kwenye mililita 100 za dripu ya chumvi, na 11 kwenye 150. Kila moja iende kwa muda wa saa nne.

Dripu iwe ya chumvi, si Ringa. Ringa ina kalsiamu, na pamidroneti hushikana nayo humohumo. Kama mtoto amekuja na Ringa mkononi, mpira usafishwe au ubadilishwe.

Na hesabuni matone. Mililita 100 kwa saa nne ni 25 kwa saa. Kwa mpira wa watoto wa matone 60 kwa mililita, hayo ni matone 25 kwa dakika. Mkitumia mpira wa kawaida wa matone 20 na bado mkahesabu 25, dripu itaisha kwa saa moja na dakika 20, na figo ndizo zitakazolipia.

Usiku wa kwanza au wa pili tegemeeni homa na maumivu ya mwili. Huwa mzunguko wa kwanza tu, na parasetamo inatosha. Lakini homa hapa mjini haijulikani kwa kukisia: mpimeni malaria hivyohivyo. Mtoto mchanga wa aina ya tatu mwenye kifua kibovu alazwe, kwa sababu homa hii inaweza kumbana pumzi.

Mshipa utafutwe taratibu. Kanda ya mpira inayobanwa kwa nguvu, au kipimo cha presha kinachojaa bila kuangaliwa, vinaweza kuvunja mkono. Asivutwe mguu. Pampasi ibadilishwe kwa kuweka kiganja chini ya makalio, si kwa kuinua miguu.

Akiwa na hogo kwa mfupa uliovunjika, dripu inaweza kuendelea. Akiwa amekatwa mfupa na kuwekewa chuma, isubiri hadi eksirei ionyeshe umeunga, kwa kawaida miezi kadhaa, maana mfupa uliokatwa hupona polepole mno dawa ikiwepo. Hogo lenyewe liwe jepesi na la muda mfupi. Mguu uliolala wiki nane unatoka umelegea, na mara nyingi ndio unaovunjika tena. Mistari myeupe itakayoonekana kwenye eksirei zijazo, karibu na magoti, ni alama za dripu zilizopita, msiambiwe ni ugonjwa mpya. Tunzeni karatasi za kila mzunguko na uzito wa siku hiyo: kilo zikiongezeka, miligramu zinahesabiwa upya.