Seva usiyoijua ikikwenda pole, anzia hapa

Jana Wete nilipewa seva nisiyoijua, na mwenyewe keshaamua inataka prosesa mpya. Usianze na unachokishuku. Chukua prosesa, memori, diski na mtandao, kila kimoja ukiulize: kina makosa? Kimeshughulika kiasi gani? Kina foleni? Makosa kwanza, maana yanasomeka haraka.

```
dmesg -T | tail
ip -s link
vmstat 1
iostat -xz 1
```

(Matokeo ya kwanza ya `vmstat` na `iostat` yaruke, ni wastani tangu mashine iwake.) Makosa hapakuwa. Safu ya `r`, yaani kazi zinazotumia au kungoja prosesa, ilisoma 1 kwa kori 4; `si` na `so`, yaani memori inayorudi kutoka diskini na inayohamia huko, sifuri, basi prosesa na memori nikaziacha. Diski ndiyo ilikuwa na foleni: `aqu-sz` maombi 14, na `w_await`, yaani muda wa kusubiri kuandika, milisekunde 200. Chelezo ilikuwa ikiandikwa saa nne asubuhi, wateja wamejaa dukani. Tukaihamishia usiku.

Kwenye SSD usitishwe na `%util` 100 peke yake, kwani inahudumia maombi mengi kwa pamoja. Tazama muda wa kusubiri. Na ukikuta vyote vimetulia lakini mfumo bado mzito, njia hii imefika mwisho: huenda programu inasubiri kufuli la hifadhidata au jibu la seva nyengine.